Picha ya Kipima Presha: Namna ya Kuisoma Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa kipima presha cha nyumbani mara nyingi huiona picha ya kifaa kabla ya kukiona kifaa chenyewe. Picha hiyo huwa juu ya kasha dukani, katika tangazo la simu, au katika orodha ya bidhaa ambayo muuzaji humtumia mteja. Kwa kuwa kasha aghalabu halifunguliwi kabla ya malipo, picha ndiyo inayobeba maelezo ambayo mnunuzi angeyapata kwa kukishika kifaa: sehemu zake ni zipi, mkanda wake una ukubwa gani, na kinaweza kufanya nini.

Picha ya kifaa tiba ina wajibu ambao picha ya jagi au ya viatu haina. Ikipotosha, mnunuzi hapotezi fedha tu. Anaweza kuanza kutumia namba zisizo sahihi, akapata hofu isiyo na sababu, au akaamini kwamba yu salama ilhali sivyo. Sura hii inaeleza mambo matatu ya kutazama katika picha hiyo: mwanga, sehemu za kifaa, na ishara za kitabibu zilizowekwa kandokando yake. Baada ya hapo tutaichambua picha moja kwa mfano, hatua kwa hatua.

Mwanga unaoonyesha na mwanga unaoficha

Picha nzuri ya kipima presha hupigwa kwa mwanga mweupe, mpole, uliotawanywa, juu ya mandhari tupu ya rangi nyeupe au kijivu hafifu. Sababu yake si urembo. Kioo cha kifaa hiki huakisi mwanga kama dirisha. Mwanga mkali ukikipiga moja kwa moja, hutokea doa jeupe linalofunika namba au alama zilizo pembeni. Mpiga picha mwangalifu huuleta mwanga kutoka ubavuni na kuupitisha katika kitambaa cheupe, ili namba zisomeke na kioo kibaki kuonekana kama kioo.

Mwanga wa namna hiyo huonyesha pia mambo madogo yenye maana kubwa. Maandishi yaliyochapwa juu ya mkanda husomeka. Kivuli chepesi huonekana pale mpira wa hewa unapoingia katika tundu la kifaa, na kivuli hicho humjulisha mtazamaji kwamba sehemu hizo mbili kweli zimeunganishwa. Rangi ya mkanda huonekana kama ilivyo.

Kinyume chake ni mwanga wa buluu unaong'aa kutoka nyuma ya kifaa, miale inayotoka katika kioo, na giza linalomeza kingo za mkanda. Picha ya namna hiyo huleta hisia ya chumba cha upasuaji, lakini haimwambii mnunuzi lolote kuhusu kifaa. Mnunuzi na ajiulize swali moja: je, ninaweza kusoma kila neno lililochapwa juu ya mkanda na kando ya kioo? Ikiwa hawezi hata baada ya kuikuza picha, aombe nyingine iliyopigwa juu ya kifaa chenyewe kwenye mwanga wa kawaida wa mchana. Muuzaji mwenye kifaa hicho dukani anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja.

Sehemu ambazo picha ya kweli haiwezi kuzikosa

Ili kuitambua picha sahihi, inafaa kujua kifaa kinavyofanya kazi. Vipima presha vingi vya nyumbani hufungwa juu ya kiwiko. Ndani ya mkanda mna mfuko wa hewa. Pampu iliyo katika kifaa huujaza mfuko huo kupitia mpira, mkanda ukaubana mkono na kuuzuia kwa muda mshipa wa ateri. Kadiri mbano unavyobadilika, mapigo ya ateri hutikisa hewa iliyo katika mkanda. Kifaa huhisi mitikisiko hiyo na kukokotoa namba kutokana nayo. Kwa hiyo pana mnyororo mmoja usiokatika: mkono, mkanda, mpira, kifaa.

Picha sahihi huonyesha mnyororo huo wote. Mpira ni mmoja, nao huanzia ukingoni mwa mkanda na kuishia katika tundu lililo ubavuni au nyuma ya kifaa. Mpira unaopotelea nyuma ya kifaa bila kuonyesha unakoingia, au mkanda usio na mpira wakati kifaa chenyewe kipo kando mezani, ni dalili kwamba picha imeunganishwa kutokana na vipande. Vipo vifaa visivyo na mpira, ambavyo mkanda wake umeshikana moja kwa moja na kifaa, lakini hapo huonekana wazi kuwa ni kitu kimoja.

Juu ya kioo hutarajiwa namba tatu. Ya kwanza huandikwa SYS, nayo ni shinikizo wakati moyo unaposukuma damu. Ya pili huandikwa DIA, ni shinikizo moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Ya tatu huandikwa PULSE, nayo ni idadi ya mapigo kwa dakika. Namba mbili za kwanza hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo ambacho kwenye kioo huandikwa mmHg.

Katika vifaa vingi kila tarakimu huundwa kwa vijistari saba vilivyonyooka, kama ilivyo katika kikokotoo. Ikiwa kifaa ni cha aina hiyo, nazo namba za pichani zina mapindo laini kama maandishi ya gazeti, au zimesimama wima ilhali kioo kimelala mshazari, basi ziliongezwa baada ya picha kupigwa. Kuongeza namba si kosa peke yake, maana namba za kioo ni ngumu kupiga picha. Lakini aliyeongeza namba anaweza kuwa ameongeza na mengine.

Sehemu muhimu kuliko zote kwa mnunuzi ni mkanda, nao ndio ambao picha nyingi huukunja au kuuficha. Juu ya mkanda huchapwa kipimo cha mzunguko wa mkono unaofaa, kwa mfano 22–32 cm au 22–42 cm. Huwapo pia mstari au mshale wa kuonyesha mahali ateri inapopaswa kukaa. Picha iliyo kamili huuonyesha mkanda ukiwa umefunguka, maandishi hayo yakiwa mbele.

Namba ndogo hiyo ina uzito mkubwa. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2023, watu wazima 195 walipimwa kwa mikanda ya ukubwa mbalimbali. Wale waliohitaji mkanda mkubwa walipofungwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi kwa wastani wa milimita 5 hivi. Wale waliohitaji mkanda mkubwa zaidi ya huo walizidishiwa kwa wastani wa milimita 19 na nusu. Waliohitaji mkanda mdogo walipunguziwa milimita 3 na nusu hivi. Kifaa kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa la mkanda.

Ishara zinazosema kuliko maneno

Kuna picha ambazo hazina neno lolote la uongo, lakini humfanya mtazamaji aamini jambo lisilo kweli. Ishara nne hukutwa mara nyingi.

Ya kwanza ni namba 120 na 80 juu ya kioo. Hizo hujulikana na wengi kuwa ni namba za mtu mwenye afya, ndiyo maana wauzaji huzipenda. Tazama mkanda katika picha hiyo hiyo. Ikiwa umelala mezani bila mkono ndani yake, namba zile si kipimo cha mtu yeyote. Ni mapambo. Picha ya haki huandika kando yake kwamba namba ni mfano tu, au huonyesha kioo kikiwa na alama zake zote zimewaka kwa pamoja, kama vifaa vingi vinavyofanya kwa nukta chache vinapowashwa. Kifaa hupima presha, hakiishushi. Tangazo lenye picha mbili, moja ya 160 kabla ya kununua na nyingine ya 120 baadaye, linadai kwamba kifaa kinatibu, na dai hilo si kweli.

Ya pili ni mstari wa mapigo ya umeme wa moyo unaochorwa nyuma ya kifaa, ule wa vilele na mabonde unaoonekana katika mashine za hospitali. Kipima presha cha kawaida hakipimi umeme wa moyo. Vifaa vingi vina alama ndogo ya moyo inayowaka endapo mapigo hayakufuatana kwa mpangilio wakati wa kupima. Alama hiyo ni sababu ya kumwona daktari. Haitaji ugonjwa wowote, wala kutowaka kwake si uthibitisho kwamba moyo ni mzima.

Ya tatu ni koti jeupe na stetoskopu. Stetoskopu hutumiwa na mhudumu anayepima kwa kusikiliza ateri. Kipima presha cha kujiendesha hakiihitaji, wala haimo katika kasha. Imewekwa ili kifaa kionekane kimependekezwa na madaktari, bila ya muuzaji kutaja daktari au taasisi yoyote.

Ya nne ni mihuri. Alama ya CE kwa kifaa cha aina hii inapaswa kufuatwa na tarakimu nne, ambazo ni namba ya taasisi huru iliyohusika na ukaguzi huko Ulaya. CE peke yake, bila tarakimu, ni sababu ya kuuliza. Hata ikiwa kamili, alama hiyo si sawa na jaribio huru la usahihi. Jaribio hilo hufanywa kwa kufuata kiwango cha kimataifa ISO 81060-2, ambacho hutaka watu wasiopungua 85 wapimwe na namba za kifaa zilinganishwe na za wapimaji wenye ujuzi. Aina zilizofaulu huorodheshwa hadharani, mathalani katika orodha iitwayo STRIDE BP. Orodha hizo hutafutwa kwa jina na namba ya toleo la kifaa. Kwa hiyo picha isiyoonyesha namba ya toleo imemnyima mnunuzi ufunguo wa kujihakikishia.

Picha isiyo na mkanda kabisa

Mnunuzi anayekutana na picha ya simu, pete au saa yenye namba za presha na awe mwangalifu zaidi. Baadhi ya saa za namna hiyo huhitaji kusawazishwa mara kwa mara kwa kipima presha chenye mkanda, jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha.

Mfano wa kweli unajulikana. Kati ya mwaka 2014 na 2015 iliuzwa programu ya simu iitwayo Instant Blood Pressure. Mtumiaji aliweka kidole juu ya kamera na kuiegemeza simu kifuani, kisha simu ikamwandikia namba. Watafiti walipoichunguza, matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016: zaidi ya robo tatu ya watu waliokuwa na presha kubwa waliambiwa na programu hiyo kwamba namba zao haziko katika kiwango hicho. Mwaka huo huo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimchukulia hatua mtengenezaji wake kwa madai ya kupotosha. Namba zilionekana kama za kifaa cha kweli, na ndiyo sababu zilikuwa hatari: aliyeambiwa yu salama hana sababu ya kwenda kituo cha afya.

Picha moja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano. Kijana anataka kumnunulia mama yake kipima presha. Katika tangazo la simu anaona picha hii: kifaa cheupe juu ya meza, mwanga wa buluu nyuma yake, 120 na 80 juu ya kioo, mkanda umekunjwa kando, begi dogo na adapta ya umeme. Pembeni yuko mwanamke anayetabasamu, mkanda umefungwa juu ya mkono wa sweta, na mkono wake umelala mapajani.

Kijana anaanza na mama. Anachukua futi ya kushonea, anatafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, na kuzungusha futi hapo bila kukaza. Anapata sentimita 36.

Kisha anaikuza picha. Maandishi ya mkanda hayasomeki, kwa kuwa umekunjwa na ukingo wake umo gizani. Anamwandikia muuzaji na kuomba mambo matatu: picha ya mkanda ukiwa umefunguliwa, picha ya kibandiko kilicho chini ya kifaa, na orodha ya yaliyomo katika kasha. Majibu yanapofika, mkanda unasomeka 22–32 cm. Kwenye kibandiko kuna jina la mtengenezaji na namba ya toleo, ambayo sasa anaweza kuitafuta katika orodha ya vifaa vilivyojaribiwa. Orodha ya kasha inasema betri nne za AA zimo, ila adapta huuzwa peke yake, ingawa imo pichani.

Je, tofauti ya sentimita nne ina madhara gani? Tuseme namba ya juu ya mama kwa kweli ni 132. Kwa mtu anayejipima nyumbani, kiwango ambacho madaktari wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa presha kubwa ni wastani wa 135 kwa 85. Mama yuko chini ya mstari. Afungwe mkanda wa kawaida ilhali anahitaji mkubwa, nazo zile milimita 5 za wastani zikaongezeka, kifaa kitasoma 137. Tayari amevuka mstari bila mwili wake kubadilika.

Sasa aige mkao wa mwanamke wa pichani. Utafiti wa mwaka 2024 wa watu wazima 133 ulionyesha kwamba mkono ukilazwa mapajani badala ya kuegemezwa mezani, namba ya juu huzidi kwa wastani wa milimita 4 hivi. Ukiachwa kuning'inia huzidi kwa 6 na nusu. Namba ya mama inaweza kukaribia 141. Hizo ni wastani, na makosa ya mtu mmoja yanaweza kuwa madogo au makubwa kuliko hapo. Lakini inaonekana wazi jinsi mama anavyoweza kutishwa, pengine hata kuongezewa dawa, kwa sababu ya mkanda na mkao aliouona katika tangazo.

Picha inayofundisha sawasawa ingemwonyesha mtu ameketi, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili iko sakafuni bila kukunjwa nne, mkono mtupu umelazwa mezani, na mkanda uko usawa wa moyo, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita mbili hivi juu ya kunjo la kiwiko. Mdomo wake ungekuwa umefungwa, kwa kuwa kuzungumza wakati wa kupima hupandisha namba.

Kijana wetu hakulazimika kukikataa kifaa. Alimwuliza muuzaji kama mtengenezaji yule yule anauza mkanda wa 22–42 cm kwa toleo lile lile, na kama bei yake imo. Mkanda wa mtengenezaji mwingine hautoshi, hata kama mpira wake unaingia katika tundu, kwa sababu hesabu za kifaa zimetayarishwa kwa mikanda yake.

Ikiwa kilicho ndani ya kasha si kile cha pichani

Hifadhi nakala ya tangazo kabla halijaondolewa, pamoja na mazungumzo na muuzaji, risiti ya kielektroniki, kasha na kibandiko chenye namba ya toleo na namba ya kifaa. Mjulishe muuzaji kwa maandishi, ukitaja tofauti moja moja: "Picha ilionyesha adapta; katika kasha haimo." Malalamiko yaliyo bayana hushughulikiwa upesi kuliko yale yanayosema tu kwamba bidhaa ni mbaya.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Ubora na usalama wa vifaa tiba kwa Tanzania Bara husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kifaa kinachodaiwa kutibu presha, au kinachotoa namba za kutiliwa shaka, kiripotiwe huko.

Kabla ya kulipa, kagua:

1. Maandishi ya mkanda yanasomeka, na mzunguko wa mkono wa atakayekitumia umo ndani ya kipimo hicho.
2. Mpira unaonekana kuanzia mkanda hadi tundu la kifaa.
3. Jina la mtengenezaji na namba ya toleo vinaonekana, nawe umevitafuta katika orodha ya vifaa vilivyojaribiwa.
4. Kila kitu kilicho pichani kimo pia katika orodha ya yaliyomo.
5. Hakuna namba, mchoro wala vazi linalodokeza kwamba kifaa kinatibu au kinagundua ugonjwa wa moyo.

Hata baada ya kupata kifaa kinachofaa, kipeleke mara moja katika kituo cha afya na umwombe mhudumu akupime kwa kifaa cha kituo na kwa chako, mkono ule ule, kwa kupishana dakika moja au mbili. Usiache wala kubadili dawa kwa sababu ya namba uliyoiona nyumbani pekee. Ziandike pamoja na tarehe na saa, umpelekee daktari.